Anayeomba nauli stendi: usimpime kwa machozi, mpime kwa kuondoka

Hili jambo la watu waliokwama na kuomba nauli tunalizungumza sana mjini, lakini mazungumzo yenyewe ni yale yale siku zote. Mmoja anasema wote waongo usimpe mtu hata mia, mwengine anasema we toa tu kwa ajili ya Mungu ye atajibu mwenyewe huko mbele, na baina ya hao wawili yupo mtu kakaa ukutani pale bandari ya Malindi hapa Unguja toka asubuhi, kweli kaibiwa, kweli kwao Pemba, na kila anaemsogelea anapita kama hajasikia kitu. Mimi naandika kwa ajili ya huyo, na kwa ajili ya mtu mwenye elfu tano yake mfukoni ambae anataka kuitoa lakini aitoe pahala pake.

Tatizo letu ni kuwa tunapima kitu ambacho hakipimiki. Mtu anakuja pale stendi ya Kijangwani, anaanza kuhadithia, na sisi tunakaa kuihakiki hadithi. Analia kweli au anajikamua, nguo zake zinafanana na mtu wa safari au laa, mtoto aliembeba ni wake, karatasi ya hospitali aliyoishika ina tarehe ya lini. Yote hayo hayakupi jibu, na sababu iko wazi ukiifikiria kidogo tu. Yule anaefanya kazi hii kila siku hadithi yake kashaisema kwa watu wengi sana, ishalainika, kila swali unalomuuliza kashaulizwa jana na juzi na jibu analo mdomoni. Aliekwama kweli ndo kwanza anaomba maishani mwake, ana njaa, ana aibu, anachanganya siku, anasema katoka kwao Jumatatu alafu baadae anasema Jumanne, jina la mtaa aliofikia halijui vizuri. Sasa ukiwa unahukumu kwa hadithi iliyonyooka utampa muongo na utamfukuza mkweli, na hivo ndivo tunavofanya mara nyingi mana nimeona kwa macho yangu mtu ananyimwa kwa sababu tu kababaika.

Kipo kipimo chengine, na wala sio kipya. Kwenye Suratut Tawba aya ya 60, wale watu wa makundi 8 wanaopewa zaka, wa mwisho kutajwa ni ibnu sabil, yani msafiri alieishiwa njiani. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamelizungumza suala la huyu mtu atajulikana vipi kama kweli ni msafiri, na jawabu lao mimi naliona lina akili kubwa sana. Wanasema msafiri hupewa kwa kauli yake, haapishwi, haambiwi alete mashahidi, lakini akishapewa na asiondoke, alichopewa kinarejeshwa. Na anapewa kiasi cha kumfikisha anapokwenda, hata kama huko kwao ana mali, mana mali hiyo hapa alipo haimsaidii. Angalia ushahidi wameuweka wapi, wameuweka kwenye kuondoka. Mtu yeyote anaweza kusema maneno, ila anaetaka pesa na anaetaka kufika wanaachana pale gari inapong'oa.

Nichukue hadithi moja tu niichambue, hii ya boti ya Pemba, kwa sababu ndo inayosikika zaidi hapa Unguja na ndo inayochanganya zaidi. Mtu anakwambia mimi natoka Pemba, nilikuja kwa matibabu au kwa shughuli ya ndugu, nimeibiwa begi na simu na kila kitu, boti imeniacha, nisaidie nauli. Hadithi hii ina nguvu kwa sababu inatokea kweli. Boti za Dar zipo kila siku tena zaidi ya moja, ikikuacha hii unapanda ile. Za Pemba ni chache kuliko hizo, ikikuacha mara nyingi ndo umelala, na anaelala mjini hana mtu anakula ile ile pesa aliyoiweka ya nauli. Kwaiyo waongo hawakuichagua kwa bahati mbaya, wameichagua kwa sababu kila mmoja wetu ana jamaa yake au anamjua mtu iliomkuta.

Sasa ukikutana na huyu mtu, kitu cha kwanza sio kumuuliza maswali ishirini. Ni kumwambia, twende dirishani. Bandari ya Malindi madirisha ya tiketi yapo pale pale, ni mwendo wa dakika chache, na tiketi ya boti sio kama nauli ya daladala, ina jina la abiria. Mtu ambae kweli anataka kufika bandari ya Mkoani kule Pemba maneno hayo kwake ni furaha, utamuona uso umebadilika na anatangulia yeye. Ambae alikuwa anataka shilingi mkononi ndo hapo utasikia sababu, oo we nipe tu nitakwenda mwenyewe, oo kuna mtu namsubiri hapa, oo dirisha limefungwa, na wengine wanageuka wanaondoka bila ya kuaga.

Lakini hapa usikimbilie kuhukumu, mana yapo mambo mawili yanayofanya mkweli nae asite. Moja ni aibu, watu wetu hasa watu wazima, kuongozwa njiani kama mtoto mbele za watu ni kitu kizito, mzee wa makamo anaweza kukwambia basi mwanangu acha tu, na akawa mkweli. Dawa yake ni namna ya kusema. Usimwambie nataka nihakikishe, mwambie na mimi napita huko huko, tufatane. La pili ni kuwa nauli ya boti sio safari yote. Anaekwenda Konde, kaskazini ya Pemba, akishuka Mkoani bado ana gari ya 603 mpaka Chake, na Chake atafute 602 ndo afike kwao, kwaiyo akikwambia anahitaji zaidi ya bei ya tiketi sio lazima kuwa muongo. Muulize tu ukishuka pale unapanda nini. Mtu wa Pemba hilo halimpi tabu hata akiwa kachanganyikiwa vipi, ni njia anayoipita kila siku. Hili ndo swali pekee kuhusu hadithi ambalo mimi naliona lina faida, kwa sababu halimuulizi yaliyomkuta, linamuuliza mambo ya kwao. Na hata hilo lisiwe la kumkata mtu moja kwa moja, mana muongo nae anaweza kuwa mpemba.

Kitu chengine kikubwa kuliko tiketi ni upande wa pili. Kila msafiri wa kweli ana mtu anaemsubiri, ana mama, ana mke, ana mwenye duka jirani na kwao. Na ukitazama vizuri, wengi wa waliokwama hawana shida ya pesa, shida yao ni njia ya kuifikia pesa. Kwao ipo, au itachangwa, lakini simu imekwenda na laini imekwenda nayo.

Kijana mmoja alinisimamisha nje ya bandari, mchana wa jua kali, kavaa shati la mikono mirefu limechafuka mgongoni. Akaniambia, "Samahani ami, nna shida. Nimeibiwa, kwetu Konde, naomba nauli." Alitaka elfu hamsini. Nikamuuliza boti gani ilimuacha akanitajia, alafu siku aliyokuja akaitaja vibaya kisha akaisahihisha, yani angekuwa anapimwa kwa hadithi angeshindwa pale pale. Nikamwambia, "Mwanangu, kwenu kuna nani tumpigie?" Akasema namba zote zilikuwa kwenye simu. Na hili msilione ni uongo, jamani, nani siku hizi anaehifadhi namba kichwani, mimi namba ya mke wangu ndo naijua na yangu basi. Nikamwambia fikiri, hata namba ya zamani, hata ya mtu asiekuwa ndugu. Akakaa chini akafikiri muda mrefu, ndo ikamjia namba ya mwenye duka jirani na kwao, kwa sababu alikuwa akitumwa kumpigia toka mdogo.

Nikapiga mimi mwenyewe kwa simu yangu, nikaweka sauti ya nje. Mwenye duka sikumwambia kijana anasemaje, nilimuuliza tu kama kuna kijana wa hapo kasafiri kuja Unguja. Akanitajia jina kabla mimi sijalitaja. Hapo ndo pana uzito, mana ukianza wewe kwa kusema nipo na fulani kaibiwa, basi yeyote alie upande wa pili atakubali, hata akiwa ni mwenzake wamepanga. Uliza, alafu nyamaza. Baadae akaletwa mama yake mdogo kwenye simu, maneno yake ya mwanzo yalikuwa, "Yu mzima? Kala?" Alafu ndo akamgombeza kijana mpaka watu waliokuwa karibu wakageuka. Pesa ikatumwa na mwenye duka kuja kwenye simu yangu, nikaenda kutoa kwa wakala, tukaenda dirishani. Boti ilikuwa ya kesho yake. Mimi nilichotoa mfukoni mwangu ni chakula na ada ya kutolea, na ile elfu hamsini wala haikuhitajika yote.

Nimelileta hili kwa sababu watu wanadhani kusaidia ni kutoa nauli. Mara nyingi kinachohitajika ni simu yako kwa dakika kumi. Kinga yake ni ndogo tu, simu usimkabidhi, piga wewe, shika wewe. Na kama unatuma wewe pesa kwenda kwa mtu, lile jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha lisome. Mtu kakwambia nitumie kwa namba ya kaka yangu alafu limetokea jina la mwanamke, simama uulize. Inawezekana ni laini ya mkewe, inawezekana sio, lakini ulizia kabla pesa haijaondoka. Na yule anaekwambia nipe namba yako nikifika nitakurejeshea, mpe namba kama unataka, ila likija baadae neno la kuwa kuna muamala umekosewa urudishe, nenda kaangalie salio kwanza, usiamini ujumbe tu.

Kuna na hili la laini. Toka laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, na mwisho wa zoezi lile ulikuwa Januari 20 mwaka 2020, mtu alieibiwa simu anaweza kurejeshewa laini yake ile ile dukani kwa mtandao wake kwa kidole chake, akiwa na namba yake ya NIDA. Ukiwa na laini na simu ya kuazima, pesa yako iliyomo humo unayo. Kwaiyo ukimwambia mtu twende tukairejeshe laini na akakataa kabisa kabisa, hiyo ni dalili. Dalili tu, sio hukumu, mana namba ya NIDA ina tarakimu 20 na wengi hawaijui bila ya kitambulisho, na jioni au siku ya mapumziko maduka yale yashafungwa. Vile vile kituo cha polisi, kile cha Malindi kiko jirani na bandari, alieibiwa kitambulisho atahitaji karatasi ya polisi vyovyote itakavyokuwa, lakini wapo watu wakweli kabisa wanaoogopa polisi kuliko wanavyoogopa kulala njaa. Usimfanye mtu muongo kwa sababu hiyo.

Daladala ni habari nyengine. Mtu anasema kapungukiwa nauli ya gari ya shamba, anakwenda Nungwi na 116, au Makunduchi na 310. Hiyo ni pesa ndogo, na gharama ya kuhakiki inakuwa kubwa kuliko pesa yenyewe, mimi hapo rai yangu ni kuwa usijisumbue na maswali, mlipie. Nimesema mlipie, sikusema mpe. Ngoja gari ijae, mshike mkono umpandishe, nauli iweke kwenye mkono wa utingo na mwambie huyu anashuka mwisho wa gari. Nini kinaweza kwenda kombo? Ashuke Amani arudi stendi kwa mguu, hilo lipo. Lakini anaetaka kuwapata watu kumi kwa saa hana muda wa kupanda magari na kushuka, kazi yake itakufa yenyewe. Huyu wa "nimepungukiwa buku tu" anaishi kwa sababu buku ni ndogo na hakuna anaefata nyuma. Watu ishirini wakitoa elfu moja moja ni elfu ishirini, na wapo vibarua hapa mjini wasioifikisha hiyo kwa siku.

Na wanaowajua hawa watu ni wale wanaokaa stendi kutwa. Wapiga debe, muuza kahawa, mama anaeuza mihogo. Muulize muuza kahawa taratibu, huyu unamuona hapa siku zote? Atakwambia bila ya kusita, au atakwambia leo ndo namuona. Sijui kwa nini tunawapita watu hawa, tunajifanya wapelelezi, na jawabu liko hatua tatu mbali na sisi. Muongo wa kazi lazima arudi pahala pale pale au penye watu kama pale, na aliekwama kweli kesho hayupo.

Siku nazo zina maana yake. Bahari ikichafuka boti zinaahirishwa na pale Malindi panajaa watu wenye mabegi ambao hawakupanga kulala, siku kama hiyo mtu akikwambia kakwama uwezekano wa ukweli ni mkubwa sana na wewe punguza ukali. Ulizia tu kama boti ya leo imekwenda au haikwenda, kila mtu pale bandarini anajua. Siku za karibu na Idi ni hivo hivo, watu wanasafiri na hesabu ya nauli ya kwenda tu. Lakini Idi ndo pia siku mikono yetu inakuwa mepesi na hawa wa kazi wanalijua hilo, kwaiyo hapo dirishani pana faida zaidi.

Kesi ngumu kwangu sio hii ya Pemba. Ngumu ni ya kijana wa bara alieletwa na mtu kuja kufanya kazi ya ujenzi au hotelini huko Paje au Nungwi, kazi ikaisha au kafukuzwa bila ya kulipwa, na sasa anataka kurudi Tabora au Kigoma. Huyu vipimo vyangu vyote vinamuangusha na ni mkweli. Ukipiga kwao hawana cha kutuma. Nauli yake sio boti tu, ni boti na basi la siku nzima. Rafiki zake nao ndo walewale waliofukuzwa. Na kwa kuwa nauli yake ni kubwa mtu mmoja hawezi, anaomba kidogo kidogo kwa watu wengi, yani anafanana kabisa na muongo kwa namna anavyoomba. Wa aina hii mimi naona asiachwe na mtu mmoja mmoja pale stendi. Apelekwe kwa sheha wa pale alipokuwa akiishi, kwa sababu mtu aliekaa kwenye shehia miezi kadhaa kuna wanaomjua, na mwenye nyumba aliyopanga yupo, na yule aliemuajiri yupo na pengine anadaiwa mshahara ambao ungemrejesha kijana kwao bila ya kuomba mtu. Kama ni muislamu msikiti ukichangisha baada ya sala ya Ijumaa inatosha, kama ni mkristo kanisani kwao vile vile. Na pesa ikipatikana inafata njia ile ile, tiketi ya boti kwa jina lake, na ya basi akatiwe na mtu alieko Dar, yeye apewe ya kula njiani.

Mwisho ni usiku. Saa mbili za usiku mtu akikuomba nauli ya boti ya Pemba, dirisha limefungwa, kwaiyo nauli haina kazi usiku ule hata awe mkweli mia kwa mia. Anachokihitaji ni kula na pahala pa kuweka ubavu. Mnunulie chakula, kama ni mwanamme muulizie imamu wa msikiti wa karibu, kama ni mwanamke mwenye mtoto usimuache pale, mtafutie mama wa mtaa huo au mpeleke nyumbani kwa sheha, na muagane mkutane kesho saa fulani mbele ya dirisha. Yule wa kazi hutamuona tena. Mwenye safari utamkuta kashafika kabla yako, na kama wewe huwezi kuja asubuhi basi usimuahidi, mtafute mtu wa pale bandarini mwenye uso unaojulikana umuachie pesa na jina la abiria, na umuombe akupigie boti ikishaondoka.